Siku mama mkwe wangu alipogandukwa, mimi nilikuwa Kigoma

Wengi wenu mnaovuka Mugina na Manyovu mnanifahamu, wengine kama mwalimu wa Kiswahili wa watoto wenu hapa Nyanza-Lac, wengine kama yule mwalimu anayefanya biashara ndogo ndogo wakati wa likizo. Leo siandiki juu ya ushuru wala bei ya maharage. Ninaandika juu ya jambo nililomfanyia mke wangu mwezi Agosti 2023, na jinsi nilivyomwomba radhi vibaya kabla ya kumwomba radhi inavyotakiwa. Mwenyewe ameisoma makala hii kabla haijatoka, na nimeleta gazetini kwa ruhusa yake.

Kwa wasomaji wetu wa ng'ambo ya mpaka ambao hawajui desturi za Burundi, nieleze kidogo. Mtu akifariki kwetu, msiba una vituo viwili baada ya mazishi. Cha kwanza huitwa guca ku mazi, nacho huja baada ya siku chache. Watu hukutana, hunywa pamoja, kisha wageni hurudi kwenye kazi zao. Lakini wafiwa bado wako msibani. Cha pili ni kuganduka, ambacho kwa kawaida hufanyika baada ya mwaka mmoja hivi, mara nyingi wakati wa kiangazi ambapo barabara hazina matope na watu wamevuna. Siku hiyo ndipo msiba unapovuliwa. Msemaji wa familia husimama na kuuliza kama kuna anayemdai marehemu au aliyekuwa akidaiwa naye, mrithi huonyeshwa mbele ya watu, na kila upande wa ukoo huitwa kwa zamu yake. Kuganduka hufanyika mara moja tu. Asiyekuwepo hakuwepo.

Sasa msiba wa nyumba ya mke wangu ulikuwa wa watu wawili. Mimi na yeye tumezaliwa na kusomea Mishamo, huko Mpanda, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Baba yake alifariki huko huko sisi tukiwa bado shule ya msingi, akazikwa huko. Mama yake alikataa kumganduka ugenini. Alikuwa akisema kwamba mume wake atavuliwa msiba siku watakapofika nyumbani, mbele ya watu wanaojua jina la babu yake. Tulirudi mwaka 2009. Tulikuta shamba la michikichi la familia yao lina watu wengine, na kama mjuavyo hapa Nyanza-Lac kesi kama hizo hazimalizwi kwa mwaka mmoja. Mama akasema tusubiri shamba kwanza. Shamba lilipogawanywa, nusu kwa nusu, mama alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa. Alifariki mwezi Julai 2022. Wanawe wakakubaliana kwamba mwaka unaofuata watawaganduka wazazi wote wawili kwa siku moja, Jumamosi, katika kiwanja kile kile cha nyumba ambacho mzee alikikimbia.

Kwa hiyo mke wangu alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa karibu miaka thelathini.

Mimi ndiye mkwe mkubwa. Nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kusimama kwa niaba ya wakwe wote na kuleta mchango wetu, yaani vinywaji na bahasha. Ya pili aliniomba mke wangu mwenyewe, nami ndiyo iliyoniuma zaidi baadaye. Aliniomba niseme maneno machache juu ya mama yake, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo mimi peke yangu niliweza kulisimulia. Tuliporudi, sisi tuliosoma kwa Kiswahili tulionekana kama hatukusoma kabisa. Ofisi zilikuwa za Kifaransa, shule zilikuwa za Kifaransa, na vyeti vyangu vya Tanzania vilihitaji kupelekwa Bujumbura kutambuliwa. Sikuwa na nauli. Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, aliuza mawese kwa chupa pale sokoni kwa miezi mitano, akanipa pesa hizo zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Alisema tu, "Nenda ukawaonyeshe kwamba umesoma." Ualimu nilio nao leo ulitoka kwenye zile chupa.

Basi, siku ya Jumatano kabla ya sherehe nilikwenda Kigoma kununua madaftari. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na madaftari ya Tanzania huuzika haraka kwetu. Nilimwahidi mke wangu kwamba Ijumaa mchana nitakuwa nyumbani. Alhamisi nilikuwa nimekwisha kupata katoni 12. Ijumaa asubuhi, nikiwa nafunga mizigo, mwenye duka aliniambia kwamba gari lake lingeingia Jumamosi asubuhi na madaftari mengine, na kwamba nikisubiri angenipa katoni 8 zaidi kwa bei ya chini sana. Nilikaa kwenye benchi la duka lake nikapiga hesabu. Faida ya zile katoni 8 ilikuwa kama shilingi 96,000. Nilijua kabisa sherehe ni kesho. Nilijiambia kwamba sherehe zetu huchelewa kuanza, kwamba gari likifika saa mbili nitakuwa mpakani saa tano, na kwamba pengine nitawahi zamu ya wakwe. Gari liliingia saa saba mchana.

Wakati huo huo nilimtumia mke wangu ujumbe wa simu, maneno matatu tu: "Nimekwama hapa mpakani." Mpakani sikuwepo. Nilikuwa Kigoma mjini, nakunywa chai.

Nilifika nyumbani Jumapili jioni. Turubai lilikuwa limekwisha kushushwa, watoto wanaokota vizibo vya chupa. Mke wangu alikuwa anaosha masufuria ya kuazima. Nilimwendea, nikasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja: "Mama watoto, samahani sana, nilicheleweshwa. Mafuta hayapatikani, magari yalikuwa hayatembei, na mpakani nilikwamishwa na mizigo. Ilishindikana kabisa. Unajua ningependa kuwepo."

Alijibu, "Haya, mwalimu."

Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, na dalili zilikuwepo kama ningekuwa na macho. Tangu tuoane ananiita baba watoto. Tangu jioni ile akaanza kuniita mwalimu, kama wazazi wa wanafunzi wanavyoniita. Chakula aliniandalia kwa wakati, kizuri, kisha akaenda kulia chake jikoni. Hakugomba. Mtu anayegomba bado anataka kitu kutoka kwako. Mke wangu hakutaka chochote.

Wafanyabiashara wenzangu mtacheka kwa ujinga wangu. Mke wangu naye huvuka. Anauza vitenge, na wanawake wa vitenge wanajuana kutoka Kigoma hadi Makamba. Jumamosi ile ile, kabla hata wageni hawajaondoka, wanawake wawili walifika kwenye sherehe wakitoka Mugina, wakasema njia ilikuwa nyeupe, foleni hakuna. Uhaba wa mafuta ulikuwepo kweli upande wetu miaka ile, hilo kila mtu analijua, na ndiyo maana niliuchukua. Kisingizio kizuri huwa na ukweli ndani yake. Lakini siku hiyo magari yalivuka, na yeye alikuwa anajua hivyo wakati mimi nasimama mbele yake nikimweleza habari za foleni.

Sikulijua hilo kwa wiki tatu.

Lililonifumbua macho lilitokea darasani. Shule ilikuwa imefunguliwa, na darasa la nane nilikuwa nawafundisha kauli za vitenzi. Niliandika ubaoni: chelewa, chelewesha, cheleweshwa. Nikaeleza kwamba katika kauli ya kutendwa mtendaji anaweza kuachwa asitajwe. Nikaandika mfano: "Baba alicheleweshwa." Mtoto mmoja wa kike aliyekaa nyuma akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na nani?"

Nikamwambia, katika sentensi hii hatujaambiwa. Akasema, "Basi hatujui kama ni kweli."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini niliendelea kuyatazama yale maneno ubaoni. Cheleweshwa, kwamishwa, shindikana. Yalikuwa yale yale niliyomwambia mke wangu. Mimi mwalimu wa sarufi nilikuwa nimeomba radhi bila ya kujitaja hata mara moja kama mtendaji. Mafuta yalitenda, magari yalitenda, mizigo ilitenda. Hata "samahani" yenyewe, jinsi nilivyoisema, ni ile ile tunayomwambia mtu tunapompita kwenye basi.

Kiswahili kina neno jingine, nalo nimelifundisha miaka mingi bila ya kulitumia. Mtu anaweza kusema "nimekosa," na hapo kosa linaelea tu hewani. Anaweza kusema "nimekukosea," na hapo ile silabi moja, ku, inamweka mtu aliyekosewa katikati ya neno. Huwezi kulitamka bila ya kumtazama. Nilirudi nyumbani siku ile nikilitafuna neno hilo njia nzima, na nikagundua jambo la kuaibisha: kwamba sikujua ni nini hasa nilichomkosea. Nilikuwa nimeomba radhi kwa kutokuwepo. Lakini yeye alipitia nini nilipokuwa sipo? Sikuwa nimeuliza.

Nilikwenda kwanza kwa mzee mmoja jirani yetu, mshingantahe ambaye alikuwepo kwenye sherehe, nikamwomba anisimulie siku ile ilivyokwenda. Hakunipa ushauri, nami nilimshukuru kwa hilo. Alinisimulia tu. Zamu ya wakwe ilipofika, msemaji aliita jina langu mara mbili. Kimya. Kisha mke wangu aliinuka kutoka walipokaa mabinti wa marehemu, akapita katikati ya watu, akasimama mahali pa mume wake. Alisema kwamba mume wake ameshikwa na homa kali Kigoma na kwamba anaomba familia impokee yeye badala yake. Alitoa bahasha. Watu wakapiga makofi. Maneno juu ya mama yake hayakusemwa na mtu yeyote, kwa sababu yeye hakuweza kuendelea, alirudi akaketi.

Kwa hiyo kumbe nilikuwa nimemfanyia mambo manne. Nilikaa Kigoma kwa hiari yangu. Nilimdanganya kwa simu. Nilimfanya adanganye mbele ya kaka zake na kaburi la mama yake ili kunifichia aibu. Na nilirudi nikamdanganya mara ya pili, akiwa na sufuria mkononi.

Usiku ule watoto walipolala nilimwomba aketi. Sikuleta zawadi yoyote. Nilikuwa nimefikiria kununua kitenge, nikaona nitakuwa nanunua jibu. Nilimwambia hivi, na ninaandika kama nilivyosema:

"Nimekukosea. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimemaliza kununua na niliweza kuondoka. Mwenye duka aliniambia nisubiri katoni nyingine 8, nikakubali. Nilijua sherehe ni kesho yake. Mpakani sikukwama, sikuwa hata nimefika. Nilikuandikia uongo. Wewe ukasimama mahali pangu ukasema naumwa, na uongo huo ni wangu, siyo wako. Maneno ya mama hayakusemwa kwa sababu yangu. Halafu Jumapili nikakudanganya tena."

Kisha nikanyamaza, na hapo, msomaji, ndipo palipo na kazi. Kusema ni dakika moja. Kunyamaza baada ya kusema ni kama kushika sufuria la moto. Kila neno lililokuja kinywani lilikuwa la kujitetea: kwamba ada za watoto zinatoka kwenye madaftari hayo, kwamba nilihesabu nitawahi, kwamba nami nilimpenda mama. Yote matatu yalikuwa kweli. Ndiyo maana yalikuwa hatari. Kama ningeyasema, tungeanza kuzungumza juu yangu.

Alikaa muda mrefu. Akauliza, "Katoni 8 zilileta faida kiasi gani?"

Nikamwambia, shilingi 96,000.

"Kwa hiyo ndiyo bei ya mama."

Sikujibu kwamba sikufikiria hivyo. Ni kweli sikufikiria hivyo nilipokuwa kwenye benchi, lakini hesabu niliyoifanya ilikuwa ndiyo hiyo. Nikasema, "Ndiyo, siku ile nilifanya hivyo."

Akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu sherehe. Akaniuliza mambo mengi, mengine mara tatu. Nilikuwa wapi saa ambayo jina langu liliitwa? Nilikuwa na nani? Nilikula nini? Nilijibu yote. Niligundua kwamba alikuwa analinganisha saa zake na zangu, anaziweka bega kwa bega: hapa nasimama, hapa wewe unakunywa chai. Nadhani alihitaji kuujua ukubwa wa jambo lenyewe, na kila nilipoficha kidogo angelazimika kuanza upya kulipima.

Nikamuuliza jambo moja tu: je, niende kwa kaka zake? Nilikuwa nimekwisha kuamua kwenda, na ninafurahi kwamba niliuliza kwanza, kwa sababu yeye alikuwa amesema uongo pale, na mimi ningekwenda kuungama ningemvua nguo mbele ya ndugu zake kwa kisingizio cha ukweli. Alifikiri siku mbili. Kisha akasema twende wote, na kwamba yeye ndiye atakayeanza.

Tulikwenda Jumapili baada ya sala. Shemeji zangu watatu walikaa upande mmoja. Mke wangu aliwaambia, "Siku ile nilisema anaumwa. Hakuwa anaumwa." Halafu mimi nikasema yale yale niliyomwambia yeye, bila ya kuongeza. Shemeji mkubwa alinitazama, akasema jambo ambalo sitalisahau: kwamba walijua. Wanawake wa vitenge walikuwa wamesema. Familia nzima ilikaa wiki nne ikimsubiri mkwe wao ajue kwamba wanajua. Waliniambia nilete kreti mbili za vinywaji kwa wazee waliokuwepo, kama faini, nami nilileta wiki iliyofuata. Ilinywewa, wakanishika mkono. Kwa upande wao lilikwisha.

Kwa mke wangu halikwisha kwa kreti. Nilipojaribu kumpa zile shilingi 96,000 alizirudisha mezani. Alisema nisimnunue. Wakati huo niliona kama ugumu wa moyo. Sasa naona alikuwa sahihi, kwa sababu pesa ile ingefunga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa ya kitu ambacho hakina marejesho. Mama hawezi kugandukwa mara ya pili ili mimi niwepo.

Baada ya miezi kadhaa ni yeye aliyesema anachotaka. Alitaka kwenda Mishamo kwenye kaburi la baba yake, ambalo hakuliona tangu 2009, na alitaka niyasemee huko yale maneno juu ya mama. Tulikwenda Julai 2024, kupitia Kigoma na Uvinza, kisha ile barabara ya Mpanda, wote wawili tukiwa wa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Tulifikia kwa ndugu zake waliobaki, wale waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kaburi tulilipata kwa shida, mwembe uliokuwa alama umekatwa. Niliyasema pale maneno ya zile chupa za mawese na kile kipande cha kitenge. Walikuwepo watu sita na mbuzi mmoja. Mke wangu alisikiliza, mwishoni akanisahihisha: haikuwa miezi mitano, ilikuwa saba.

Kigoma wakati wa kurudi tulipita dukani kununua madaftari. Mwenye duka akasema kuna gari linaingia kesho. Mke wangu akanitazama tu, sote tukacheka, naye mwenye duka hakujua tunacheka nini. Tulivuka jioni ile ile.

Nilipomaliza kuiandika makala hii nilimpa aisome. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaomba kalamu, akafuta sentensi moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba amenisamehe. Akasema hilo si langu kuliandika gazetini, atalisema yeye mwenyewe siku atakayotaka. Kisha akanirudishia karatasi, akasema, "Baba watoto, mchicha unaungua."